Barua ya Sindano

Benchi letu liko pembeni ya duka la vioo, na muuza kahawa anaweka jiko lake hapo kila asubuhi. Siku hiyo fundi cherehani, tunamwita Sindano, alifika na bahasha mkononi na uso umemshuka. Amepanga chumba kwenye nyumba ya jirani kwa miaka kumi na moja. Humo analala, humo anashona. Barua ilitoka kwa mama mwenye nyumba, na kabla hajaketi Wakili alishaipokonya. Wakili hajasomea sheria, ila ana miwani.

WAKILI: “Nimepokea malalamiko manne ndani ya wiki tatu, kutoka kwa wapangaji zaidi ya mmoja.” Majina hayapo!

SINDANO: Hataji. Anasema malalamiko ya mtu ni siri yake. Lakini tarehe kaziweka zote. Mara tatu cherehani saa kumi na moja alfajiri, mara moja marobota ya vitambaa kwenye ngazi.

MIMI: Na ni kweli?

SINDANO: Nina sare za shule nzima, ndugu yangu. Nitazishona saa ngapi?

WAKILI: Tulia. “Tulishazungumza mwezi uliopita. Mkataba wetu, kifungu cha sita, unataka utulivu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.” Halafu hapa chini: “Barua hii si notisi ya kuhama.” Umeona? Mtu akikuambia hakufukuzi, ujue keshalifikiria!

REDIO: Anataka chumba, huyo. Mwanawe anaoa.

Redio anakaa nyumba ileile ya Sindano, na habari hazimpiti.

SINDANO: Mwanawe ana watoto watatu, Redio.

REDIO: Basi anaoa tena! Au mama mwenyewe anafungua ushonaji, anakuwindia wateja wako. Juzi nimemwona na futi ya kupimia.

MIMI: Alikuwa anapima dirisha lililovunjika.

REDIO: Ndivyo alivyokuambia. Mimi nasikia nyumba nzima inageuzwa studio ya muziki, ndiyo maana wanahesabu kelele.

WAKILI: Usitie sahihi! Kaleta nakala mbili, moja urudishe na sahihi. Ukisaini, umekiri.

SINDANO: Ameandika kwamba sahihi ni ya kuonyesha nimeipokea tu, si kukubali kosa.

WAKILI: Wote huandika hivyo.

Sindano aliichukua barua yake, akaikunja. “Binti yangu kakulia chumba kile,” alisema. “Nikitoka pale, nakwenda wapi?”

Dada mmoja aliyekuwa akisubiri kahawa yake aligeuka. Alikuwa mpangaji mpya wa ghorofani kwenye nyumba hiyohiyo. Wiki ilikuwa haijaisha tangu ahamie.

DADA: Samahani, kaka zangu. Hiyo cherehani, ukiwa chumba cha pili, inasikikaje?

Wakili akavua miwani. Miaka yote hiyo Sindano hajawahi kusimama upande wa pili wa ukuta wake. Taratibu macho yetu yakamhamia Redio, maana ukuta huo kitanda chake kimeuegemea. Redio akawa anachungulia kikombe kitupu.

SINDANO: Redio?

REDIO: Inatikisa kitanda, kaka. Mtoto anaamka, mama yake anaamka, basi tena.

SINDANO: Ni wewe uliyelalamika?

REDIO: Mara mbili. Hizo nyingine sizijui.

SINDANO: Na studio ya muziki?

REDIO: Nilikuwa natafuta pa kujificha.

SINDANO: Ungegonga tu mlango!

REDIO: Mtoto wangu kazaliwa, wewe umemshonea nguo za zawadi, usiku mzima hukulala. Halafu nije nikwambie unanikera? Ningeanzia wapi?

Sindano akaanza kucheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. Akaniomba kalamu. Akatia sahihi nakala moja palepale juu ya goti, Wakili akiguna.

Tukaisoma upya, safari hii mpaka mwisho. Mama alikuwa ameomba mambo matatu: cherehani ianze saa kumi na mbili, isogezwe mbali na ukuta na iwekewe mpira chini, ngazi iwe wazi. “Kama kuna linalokuwia gumu, niambie. Nitapita Jumamosi saa nne tuzungumze.”

Ijumaa mimi na Redio tuliibeba ile cherehani mpaka dirishani, chini tukaweka kipande cha mpira wa gari. Jumamosi mama alikuja, akamwomba Sindano ashone, huku yeye mama akisikiliza chumbani kwa Redio. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Sindano akamweleza kuwa marobota hayana pa kukaa. Mama akampa stoo ya chini ya ngazi, wakaandika karatasi, kila mmoja akabaki na nakala. Wakakubaliana waangalie tena baada ya mwezi.

Jumatatu Redio hakuonekana benchini. Tulidhani anaumwa. Alitokea saa tatu, shati limekaa upande, alama za mto shavuni.

— Nimelala, jamani, alisema, kama mtu anayetangaza kaokota dhahabu. Sote watatu tumelala!

Muuza kahawa akainamisha birika kumwonyesha. Halikutoka hata tone.