Wimbo wa Taa

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni mjomba wangu, Fundi Saa, jioni tuliporudi kutoka kumzika bibi. Alisema siku chache nyuma alikwenda kijiweni na kisanduku cha muziki cha mama yake, akakiweka benchini katikati ya vikombe vya kahawa. Kiharusi kilikuwa kimemfunga bibi ulimi, na kila akifumbua macho alikinyooshea kisanduku kidole. Mjomba alitaka kuujua wimbo wake, bibi aimbiwe kabla hajaondoka. Lakini kilitoa sauti hizi tu, zikijirudia: so, kimya, so, mi, kimya, do, do, mi, so.

WEMBE (kinyozi): Hiyo ni kengele ya geti. Mwenye geti namnyoa mimi.

REDIO (muuza magazeti, hanyamazi): Wewe unajua vichwa tu! Huo ni mlio wa kutangazia vifo.

WEMBE: Mgonjwa yu hai, wewe umeshamtangaza!

REDIO: Basi ni ishara ya wapelelezi. Bibi yule alikuwa na siri zake.

FUNDI SAA: Redio, huyo ni mama yangu.

REDIO: Nisamehe, kaka. Nimepitiliza.

Mjomba akafungua kifuniko.

FUNDI SAA: Hiki hakianzi mwanzo wa wimbo, kinaanza pale kilipoishiwa nguvu mara ya mwisho. Tazameni silinda. Imejaa vipini, hivi vijiti vya kudonoa meno, ila hapa pana mstari mtupu. Hapo ndipo wimbo unapoisha na kuanza upya.

WEMBE: Na hapo kinaponyamaza?

FUNDI SAA: Kipini kinapita, jino la kulidonoa halipo. Meno ya kitana hiki cha chuma yamepangwa: marefu sauti nzito, mafupi nyembamba. Hili lililokatika linafuata so, basi ni “la”. Na lile jingine liko kati ya do na mi.

REDIO: Re!

Mjomba alikaza ufunguo, akangoja mstari mtupu upite, kisha akajaza mapengo kwa mdomo: do, mi, so, so, la, so, mi, re, do. Mzunguko wa tatu akautambua.

FUNDI SAA: Ni Wimbo wa Taa. Tuliuita hivyo kwa sababu akiumaliza alizima taa, tukalala.

Hapo akafika Mama Mdogo, kitinda mimba wa bibi, akitokea chumba cha mgonjwa.

MAMA MDOGO: Kaka, amefumbua macho. Umeupata?

FUNDI SAA: Nimeupata. Wimbo wa Taa.

MAMA MDOGO: Maneno yake?

Mjomba alikuwa ameyasahau. Maneno alikuwa ameyatunga bibi mwenyewe, hakuna mwingine wa kuulizwa.

Walikwenda wote wanne, wakasimama kando ya kitanda, wakauimba kwa sauti tu, bila maneno. Midomo ya bibi ilicheza. Mama Mdogo aliinamisha sikio, hakusikia kitu. Walipomaliza, bibi alinyoosha kidole kwenye taa. Ilikuwa mchana, taa haikuwa imewashwa.

Wembe na Redio wameshatangulia, na mjomba pia. Kati ya wale wanne, aliye hai ni Mama Mdogo peke yake, aliyezaliwa kitana kimeshavunjika na bibi ameshaacha kuimba, asiyapate kuyasikia maneno yake.