Mfuniko wa Mama Tabisa

Baba Paroko, uliyekubali kuchelewesha baraka kwa ajili ya maneno yangu. Mheshimiwa Chifu wa gombolola. Mzee Eridadi Maate, baba wa sherehe. Mama Tabisa, uliyejificha huko jikoni lakini masikio yako yako hapa. Ndugu wageni waalikwa wa Kasese na Munkunyu. Na ninyi jamaa zangu mliovuka mto kutoka upande wa Kongo asubuhi hii bila kuulizwa kitu na mtu: nawasalimu wote kwa heshima, kila mmoja kwa cheo chake na asiye na cheo kwa njaa yake. Najua sufuria zimeiva. Nitasema upesi, ingawa mimi ni mwalimu wa kwaya na hamkuniita kwa sababu ya ufupi wangu.

Wengi wenu mnaangalia kile kiti kitupu kando ya Mzee na mnajifanya hamkioni. Ni kiti cha Mama Tabisa. Tangu tutoke Misa amekataa kukikalia, na Baba Paroko amesema, kwa haki kabisa, kwamba hawezi kubariki miaka arobaini ya ndoa kwa mume na kiti. Basi kabla kwaya haijaimba, niwaeleze jambo hili lilitoka wapi. Lilitoka katika wimbo.

Wakati wa Pasaka mtoto wao mkubwa, Yonasani, alikuja kutoka Kasese akiwa amevaa tai. Akaniambia, "Mwalimu Sosthène, tutungie wimbo wa wazee. Weka upendo, weka amani, weka baraka." Nikamjibu, bwana, wimbo huo uko tayari, tuliuimba kwa jirani yako mwaka jana, na mke wake amesharudi kwao. Wimbo unaofaa kila ndoa hauna mwenyewe. Kama nawatungia hawa wawili, niache nikakae nyumbani kwao nione wanavyoishi.

Nyumba hiyo naijua. Mwaka sitini na nne, nilipofika hapa Bwera kutoka Butembo na gitaa mgongoni na viatu visivyofanana, ni wao walionifungulia mlango bila kuniuliza kabila wala dini. Nilikula bundu yao, ugali ule wa muhogo, mpaka nikapata kazi. Kwa hiyo msidhani nacheza nao tu. Nikiwacheka, nawacheka kama mtoto wa nyumba.

Nikakaa jikoni, nikaangalia. Je, niliona upendo? Niliona shati la Mzee lenye vifungo vya rangi tano, maana Mama hushona kile anachokiokota. Nikauliza taa inazimwa na nani usiku. Mama akasema, "Inazimwa na mwenye kushindwa maneno." Nikamgeukia Mzee. Mzee akasema, "Mimi ndiyo nazimaka kila siku." Hapo nikajua ubeti umezaliwa.

Lakini maneno matamu bado si wimbo. Kila mstari niliupa silabi nane, msikie:

*Vifungo vya shati lake,*
*kila kimoja na rangi;*
*taa huzimwa na nani?*
*Na aliyeshindwa hoja.*

Mnaona mistari inavyolingana? Mwimbaji mmoja anatoa swali, kwaya inajibu, na sauti haipandi juu sana, kwa sababu nataka bibi asiye na meno aweze kuitikia pamoja na mjukuu wake. Tena katika lugha yetu neno huegemea silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo pigo zito la ngoma lazima lianguke. Mara ya kwanza nililiweka pigo mwishoni mwa jina la Mama, ikawa TabiSA, TabiSA, na Jean-de-Dieu mpiga ngoma akaniuliza kama tunamwita mbuzi. Nikarekebisha, nikalipeleka pigo katikati ya jina.

Kiitikio ndicho kilichonisumbua. Siku moja nikiwa pale jikoni bundu ikaiva. Mama hakuita. Amelelewa kuheshimu, hajawahi kulitaja jina la mume wake, na kupiga kelele ya kuita mwanaume shambani anaona ni aibu. Akachukua mfuniko wa sufuria, akaugonga na mwiko: mbili nyepesi, moja nzito. Ko, ko, kooo. Mzee huyo, jembe begani, anapanda kutoka kwenye kahawa. Miaka arobaini ameitwa hivyo, na mfuniko una bonde mahali mwiko unapogonga. Nikasema ndani ya moyo wangu, Sosthène, acha kutafuta. Maneno yakaingia yenyewe: *Ba-ba, njoo.* Mbili nyepesi, moja nzito.

Tukafanya mazoezi hapo kanisani, kwa siri, ili Mama ashangae siku ya leo. Sasa niulizeni, shamba la kahawa la Mzee liko wapi? Liko nyuma ya kanisa. Na mtunzi mwenye akili zake hakulikumbuka.

Jean-de-Dieu akalipiga pigo lile la mfuniko kwa ngoma. Mzee akaacha jembe, akaenda nyumbani, akanawa mikono, akakaa. Mama akamtazama. Saa tatu ya asubuhi. "Unataka nini?" "Umeniita." "Nani amekuita?" Kesho yake, vilevile. Siku ya tatu Mama akaanza kufikiri kuna jiko lingine Bwera linalomgongea mume wake mfuniko. Mzee naye akagundua ni kwaya, akatukasirikia kimyakimya, akaamua hatadanganywa tena. Basi siku Mama alipogonga kweli, kwa mkono wake, Mzee akacheka peke yake kwenye kahawa na kuendelea kulima. Bundu ikapoa. Mama akagonga tena. Hakuja.

Nilipokwenda kumbembeleza Mama, hakulia wala kupandisha sauti. Alisema, "Sosthène, mimi nagonga, mutu hakuji. Miaka hii yote hajawahi kukosa kuja. Sasa nikae kando yake mbele ya watu, nifanye nini?" Nikamwendea Mzee. "Nikienda, chakula hakuna," akasema, "nikikaa, iko kununa. Nifuate sufuria gani?" Nilimweleza Mama habari ya ngoma mara mbili. Akanijibu kwamba ngoma ni ya Jean-de-Dieu, lakini miguu ni ya Mzee. Ndugu zangu, nilisikia vibaya sana. Watu walionipa nyumba, nikawavunjia mlo kwa wimbo wa kuwasifu.

Kwa hiyo leo nimeiondoa ngoma kwenye kiitikio. Jean-de-Dieu, weka fimbo chini, na usiniangalie hivyo. Pigo lile si letu, tuliliazima bila kuomba. Mama Tabisa, wimbo huu hauwezi kuanza bila wewe. Mfuniko wako uko hapo kwenye meza ya wapishi, mlangoni mwa jiko, nimeutoa jikoni kwako asubuhi, na mwiko ni uleule. Kama hutaki, tutakula bila wimbo, na lawama ni yangu. Kama unataka, gonga.

Mzee Eridadi, mimi sikuambii kitu. Unayo masikio.

Tunyamaze kidogo.

Haya. Mmesikia wote. Mbili nyepesi, moja nzito.

Mzee ameinuka. Baba Paroko, ona, ameacha hata fimbo yake. Mzee, taratibu, mawe hayo. Mpisheni, nyie watoto. Anakwenda jikoni, naye Mama anamwambia kitu, siwezi kusikia. Yonasani, uko karibu, anasema nini? Anasema, "Umechelewa, nawa mikono."

Basi Yonasani, kibebe kile kiti umpelekee mama yako huko jikoni, na cha Mzee pia. Baba Paroko, naomba baraka ziwafuate hukohuko kwenye moshi. Kwaya, simameni, na safari hii tumfuate Mama, asitufuate yeye. Ninyi nyote mlionivumilia na njaa zenu, nawashukuru sana. Asanteni kwa masikio yenu. Sasa mkopesheni yeye mwenye mfuniko.