Neno Nililodhani Halijaisha

Ndugu zangu wa jumuiya, nianze na bei: somo nililowaletea lilinigharimu mke mmoja na miezi saba ya kutosikia chochote. Nimehesabu mara mbili.

Mnanijua, nauza mitumba hapa Mbinga tangu serikali ilipofungulia biashara ya watu binafsi. Mke wangu alishuka Mbamba Bay kufuata usipa, wale dagaa wa ziwani, mtumbwi ukapinduka. Nikazika. Sikulia. Nikarudi mezani kwangu nikapandisha bei ya suruali kama kawaida. Watu wakasema nina moyo mgumu. Nawaambia, ilikuwa ganzi tu. Kilichonishinda ni kimoja: kutaja jina lake. Nikianza, pumzi inakatika. Binti yangu wa miaka minane akiuliza habari za mama yake, nanyanyuka kwenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Meza yangu iliegemea duka la mzee mmoja Mhindu. Kila asubuhi kabla hajafungua nilimsikia ndani: "Aaa-uuu-mmm." Kisha kimya. Nikadhani anataka kusema "naumwa", pumzi inamwishia njiani. Siku ya tatu nikagonga.

"Shikamoo mzee. Unaumwa wapi?"

"Marahaba. Siumwi, nasali."

"Mbona neno hulimalizi?"

Alicheka mpaka akashika mlango. "Sala yetu inaanza na neno hilo, Om, ukilivuta ndivyo linavyosikika. Lina sehemu ngapi?"

"Tatu."

"Hesabu tena."

Mimi, ndugu zangu, naambiwa nihesabu tena! Nikahesabu. Tatu.

"Nne," akasema. "A inafunguka kooni, mdomo wazi: huko ni kuwa macho. U inaviringika hadi midomoni: ndoto. M, midomo imefungwa, inavuma puani na kichwani: usingizi mzito. Ya nne ni kimya kinachofuata. Nacho ni sehemu ya neno."

Akanionyesha. Mgongo wima, vuta pumzi kwa pua mpaka tumbo lijae, itoe polepole kwa sauti moja, M uirefushe. Sauti ikiisha, usikimbilie pumzi nyingine. Itakuja yenyewe.

"Mimi Mkatoliki, mzee."

"Na pumzi yako nayo imebatizwa? Wewe vuta tu, neno niachie mimi."

Nilivuta wiki nzima. Sikuona nuru yoyote, nisiwauzie uongo. Ila jioni moja binti akauliza, "Baba, bibi alikuwa anamwitaje mama?" Pumzi ikakatika. Safari hii sikunyanyuka. Nikakaa kwenye ile sehemu ya nne. Pumzi ikaja yenyewe, nikalitoa jina la mama yake pamoja nayo, polepole, lote. Binti akalirudia. Sikulia. Lakini nilisikia vidole vyangu vina baridi, na tangu msiba sikuwa nimesikia hata hilo.

Namshukuru mzee yule. Nawashukuru akina mama mliomlisha mtoto wangu bila kuniuliza kitu. Nilichojifunza ni hiki: mtu akinyamaza, msidhani amemaliza, wala msimkimbize.

Sasa binti anauliza kila siku. Jana kauliza kama mama yake alimwita mtu alipokuwa majini. Nikavuta pumzi, nikamwambia nitawauliza ninyi. Ninyi mliokulia ziwani, nimwambie nini?