Historia ya Dada Yetu Bado, Aliyewachelewesha Wapenzi kwa Miaka Sita

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee safari ya dada yetu, ambaye nyumbani tulimwita Dada na kazini mlimwita Bado, na kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mkali kwa mtu anayesoma harakaharaka, naomba mnivumilie nisome taratibu.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mabati, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba aliyekuwa fundi wa mashine za kuchapa na mama aliyekuwa mkunga, na tangu akiwa mdogo alikuwa na tabia ya kutusimulia filamu aliyoiona, akifika mahali ambapo jambazi amepanda ngazi na kisu mkononi, ananyamaza, anatazama vyombo vichafu, na sisi wenyewe tunakwenda kuviosha bila kutumwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1978, kisha akapelekwa chuo cha uhazili, alikohitimu tarehe 28 Novemba 1980, na tarehe 2 Februari 1981 akaajiriwa katika kituo cha utangazaji, kazi yake ikiwa kuchapa miswada ya michezo ya redio iliyoandikwa na watu wengine. Alichapa kwa miaka minane, na katika miaka hiyo alijifunza uandishi kupitia vidole vyake, kwa sababu, kama alivyotuambia, mchezo mbaya unauchapa huku unafikiria chakula cha mchana, mchezo mzuri unakufanya ukosee herufi. Mchezo wake wa kwanza ulirushwa tarehe 9 Juni 1989, baada ya kukataliwa mara tano na mhariri yuleyule, na mara zote tano aliuandika upya, akaupeleka, akakaa kwenye benchi la korido mpaka mhariri alipotoka kwenda nyumbani.

Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na seremala wa kituo, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, aliyekuwa akijenga milango na madirisha ya kuigizia, na wote mnaojua sifa ya marehemu ya kuchelewesha mapenzi ya watu mtashangaa kusikia kwamba uchumba wao ulichukua wiki saba, na kwamba shemeji alipoanza kusema, "Nilikuwa nafikiria, kama hutojali," Dada alimkatiza, "Sijali, lini?" Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye ni daktari wa meno, na mwana aliyezaliwa mwaka 1993, ambaye ni mwendeshaji wa kreni bandarini.

Kazi iliyomfanya ajulikane ilianza kuonekana kwenye televisheni Jumatatu ya tarehe 6 Septemba 2004, tamthilia iliyoitwa Mlango wa Kati, yenye maduka mawili yaliyotenganishwa na ukuta mmoja wenye mlango, upande mmoja mshonaji nguo wa kike, upande wa pili fundi miwani, watu wawili waliopendana tangu sehemu ya pili, na hawakuambiana mpaka mwaka wa sita. Dada alikuwa mwandishi mkuu, na kila wiki kwenye chumba cha waandishi, chumba chenye meza ndefu na ubao mweupe usiofutika vizuri, mmoja wao aliuliza kama sasa wakati umefika, naye akajibu neno moja, bado, mpaka likawa jina lake.

Watu walidhani anawachelewesha kwa ujeuri, kumbe alikuwa na hesabu yake, na alitaka kila mwandishi mgeni aielewe kabla hajashika kalamu. Alisema mtazamaji harudi kwa sababu hajui kama wawili hawa watapatana, hilo analijua tangu siku ya kwanza, anarudi kwa sababu anajua jambo ambalo wao wenyewe hawalijui, fundi miwani ametuonyesha moyo wake sisi na hajamwonyesha mshonaji, kwa hiyo neno la kawaida kama "umekula?" linabeba mzigo, na mtazamaji ndiye anayeubeba. Alikataza barua zilizopotea, alikataza ndugu waongo, kizuizi lazima kiwe ndani ya mtu, tena cha haki, mshonaji amelea wadogo zake peke yake na hajui kumwegemea mtu, fundi aliwahi kuachwa wiki ya harusi na hawezi kuuliza swali lile mara ya pili, ili ukimsikiliza huyu unampa haki, na ukimsikiliza yule unampa haki. Na kila sehemu ilipaswa kuwasogeza hatua moja, hata kama ni ndogo kama ncha ya sindano, maana ukimnyima mtazamaji kila kitu anazima televisheni, ukimpa kila kitu anazima pia.

Wengi wenu mnaikumbuka sehemu ya arobaini na moja, fundi anampima mshonaji miwani, anaishika mikono ya miwani kwa vidole vyote, anaiweka masikioni mwa mshonaji, na nyuso zao zimeachana kiasi cha kiganja kimoja. Mhariri wa picha alitaka kuukata ukimya ule, akasema, "Sekunde nne, Dada, hakuna kinachotokea," naye akamjibu, "Vua miwani yako wewe, utazame tena." Sekunde nne zilibaki, na kesho yake simu za kituo hazikupumzika.

Lakini familia imekubaliana kwamba tusimpambe kuliko alivyokuwa, na yeye mwenyewe asingeruhusu. Kufikia mwaka wa tano alikuwa amezidisha, wapenzi wake wamekaribiana mno mpaka sababu za kutosema zimekwisha, na waandishi wakaanza kutumia mtu anayegonga mlango wakati fundi amefungua mdomo, mara ya kwanza watu wakacheka, mara ya nne muuguzi mmoja mtazamaji akaandika barua ya mstari mmoja, "Sasa mnatuchezea sisi, siyo wao." Dada aliibandika barua ile ubaoni na hakuruhusu iondolewe.

Mkurugenzi wa vipindi aliamua waoane, wadhamini wakaunga mkono, na harusi ya mshonaji na fundi miwani ikaonyeshwa tarehe 30 Agosti 2010, ikatazamwa na watu wengi kuliko sehemu yoyote iliyotangulia, ofisi nzima ikashangilia, ila Dada alirudi nyumbani mapema, akavua viatu sebuleni na kumwambia mumewe, "Leo wamejaa kwa sababu wamekuja kuaga." Ndani ya wiki kumi na nne karibu nusu ya watazamaji walikuwa wameondoka. Kilichoharibika kilionekana kwa macho, wale wawili sasa waliambiana kila kitu, kwa hiyo maneno yao yalibaki na maana moja tu, "umekula" ikawa umekula, na wahusika wengine wote, jirani, shangazi, mwenye nyumba, ambao kwa miaka sita kazi yao ilikuwa kuingia na kukatiza, hawakuwa na maisha yao wenyewe ya kuonyesha.

Mkurugenzi aliitisha kikao tarehe 13 Desemba 2010, akasema ama fundi apigwe na gari apoteze kumbukumbu, wapendane upya, ama tamthilia ifungwe na watu thelathini na wanane, waigizaji, mafundi, washonaji wa mavazi, waende nyumbani. Dada aliomba siku tatu. Katika siku hizo alichukua takwimu za kila wiki, akazipanga kwenye sakafu ya sebule yake, akatambaa juu yake kwa magoti, na akaona jambo ambalo hakuna aliyelisema, kwamba watazamaji walianza kupungua wiki ishirini kabla ya harusi, katika wiki zile za wagonga milango, harusi iliwarudisha mara moja tu kushuhudia mwisho.

Alirudi kikaoni akasimama, na aliyoyasema tunayo kwa sababu katibu wa kikao aliyaandika yote. "Kila mwandishi anayewaoza wapenzi wake hujuta," alisema, "na mimi nimejuta miezi hii mitatu, nikiilaumu ndoa. Ndoa haina kosa. Kosa ni langu, nilikuwa na swali moja, nikalibebesha kazi zote, lilipojibiwa nikabaki mikono mitupu. Ukimpotezea kumbukumbu fundi, unamwambia mtazamaji kwamba miaka sita aliyosubiri haikuwa kitu, na hatatusamehe." Mkurugenzi akauliza, "Kwa hiyo una nini?" naye akasema, "Nipe sehemu kumi na tatu. Zikishindwa, nitazima taa mwenyewe na kukabidhi ufunguo."

Alipewa, na akafanya kazi kama mtu anayechimba kisima. Aliwaandikia waandishi swali moja ubaoni, hawa wawili wameahidiana nini ambacho hawawezi kukitimiza, na jibu likatoka kwa yule mwandishi mgeni kuliko wote, kwamba fundi miwani anaanza kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja, na hamwambii mkewe. Hapo mambo yalirudi mahali pake, sisi tunajua na yeye hajui, kizuizi kiko ndani ya mtu na kina haki, kwa kuwa mtu aliyewahi kuachwa anaogopa kuwa mzigo, na mke asiyejua kuegemea sasa anatakiwa aegemewe. Mwenye nyumba akapewa kesi yake, shangazi akapewa biashara yake, hakuna tena aliyeingia kwa ajili ya kukatiza. Sehemu ya sita kati ya zile kumi na tatu, mshonaji anamkabidhi mumewe sindano amtungie uzi, mkono wa mume unapita pembeni ya tundu mara tatu, mke anatazama, anaichukua sindano, anasema, "Mwanga wa humu ni hafifu," na anageuza uso. Alikuwa amejua.

Nusu ile iliyoondoka haikurudi yote, hilo tuliseme wazi, ilirudi theluthi mbili yake, lakini waliorudi walikaa, hakuna aliyefukuzwa kazi, na tamthilia iliendelea hadi tarehe 24 Novemba 2014, siku aliyoichagua Dada mwenyewe.

Alistaafu Machi 2016. Tarehe 11 Mei 2019 aligundulika kuwa figo zake zimeshindwa kazi, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kitini pale, mkono mmoja kwenye mashine, alisahihisha miswada ya waandishi vijana kwa mkono wa pili, miswada mia moja na sita kwa hesabu ya shemeji. Aliporudi kutoka hospitali amechoka, binti yake alimsihi apumzike, naye alisema mswada wa mtu ukikaa mezani kwako, mtu huyo halali.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa Agosti 2023, na tarehe 8 Agosti, saa nne na dakika ishirini asubuhi, huku mumewe akimsomea mswada wa binti mmoja mwanafunzi wake, alimshika mkono, akamwambia asome tena ukurasa ule, akausikiliza wote kwa macho yaliyofungwa, akasema, "Huyu anajua," na hakusema tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomhudumia kwa miaka minne na kubishana naye kuhusu tamthilia kila walipomchoma sindano, inawashukuru majirani waliotuletea viti na uji bila kuombwa, inawashukuru wenzake wa chumba cha waandishi, waigizaji, na mkurugenzi wa zamani, ambaye amesafiri toka jana ili awe hapa. Shemeji, kwa miaka thelathini na mitano ulimsikiliza kila mhusika kabla nchi nzima haijamsikia, tunakushukuru wewe kuliko wote.

Dada yetu, umefanya kazi, umekosea, umesahihisha. Ulale salama, upumzike.