Osofo Ofosuhene na Ibada ya Watu wa Stendi

Jumapili ya mwisho ya Novemba, Katekista Gyasi Ofosuhene anastaafu baada ya kulitumikia kanisa letu la Techiman miaka thelathini na mmoja. Sisi tunamwita Osofo, yaani mchungaji, ingawa mchungaji hasa ni mwingine. Wazee wa kanisa wameniambia niseme maneno mazuri. Ninayo, ila yatakuja kwa zamu.

Alikuja kijana mwembamba, sauti kubwa kuliko kifua. Kuimba hajui mpaka leo, nasi tumezoea. Amezika, amebatiza, amepatanisha wake na mawifi, na hajawahi kukataa bakuli la fufu. Lakini jambo la kumkumbukia ni moja.

Kanisani kwetu kuna Jumapili ya Shukrani za Kazi. Walimu huitwa mbele na chaki zao, wauguzi na sare zao, watu wa benki na tai zao. Wanaombewa, tunapiga makofi. Sisi wa stendi, yaani madereva, wachuuzi na wachukuzi wa mizigo, tulikuwa tunapiga makofi tu. Mwaka mmoja Osofo akatukumbuka, akatuita. Tukaenda tukitabasamu kama maharusi. Basi akafumba macho na kumsihi Mungu atutoe kwenye jua, atuondolee aibu ya kubeba mizigo, atupe kazi za maana.

Tulirudi kwenye viti vyetu vichwa chini. Dereva Twumasi hakurudi kabisa, alipitiliza mlangoni. Atampoka, mchukuzi wa sokoni, akafuata, na wengine nyuma yao. Miezi ikapita, benchi zetu tupu.

Nilimfuata Osofo nyumbani kwake. Mkewe akanikaribisha maji, nikasema nitakunywa nikimaliza.

"Osofo, kazi ya muuguzi ulimshukuru Mungu kwa ajili yake," nikamwambia. "Yetu ukamwomba atuponye nayo, kama upele. Hicho kitanda ulichonunua mjini, kilitembea chenyewe mpaka hapa?"

Mwingine angeniambia niende zangu. Yeye aliniita kwa jina la heshima tunalowapa wazee, akauliza, "Nana, watanisikiliza tena?"

Nikamjibu sijui, na sikujua kweli. Hofu yangu ilikuwa hiyo: wakishamkataa yeye, kanisa litakuwa la wenye tai peke yao.

Alianza kuja stendi alfajiri. Hakuhubiri. Alikaa karibu na chungu changu cha kenke, madonge ya mahindi ninayouza, akawauliza watu wanafanya nini na kinachowauma ni nini. Twumasi alimpa mgongo siku nyingi. Mwishowe akamwambia, bila kugeuka, kwamba hawezi kuwahi ibada ya saa tatu, kwa kuwa akitoka kwenye foleni ya kupakia amepoteza siku nzima, halafu kanisa linamwita mvivu wa kusali.

Shukrani zilipofika tena, nilizunguka stendi nzima kuwabembeleza. Wakaja, wakakaa nyuma, karibu na mlango.

Osofo alisoma katika Injili habari za vibarua waliosimama sokoni mpaka jioni. Akasema: waliulizwa mbona wamekaa bure, wakajibu hakuna aliyewaajiri, na mwenye shamba hakuwaita wavivu. Tena aliwafuata sokoni yeye mwenyewe, hakuwangoja mlangoni kwake. Akasema Yesu alichonga mbao miaka mingi, na Baba alitamka kuwa amependezwa naye kabla hajahubiri hata neno moja. Kazi ni wito pale inapomtunza jirani: dereva anayekataa kuondoka na breki mbovu, mchuuzi asiyeficha nyanya zilizooza chini ya nzuri. Lakini, akawageukia wenye tai, msilitumie neno wito kumnyamazisha kibarua. Ujira uliozuiliwa unalia, na Mungu anausikia.

Kisha akasema, "Mwaka jana niliomba vibaya. Niliona haya kwa kazi ambayo Mungu haionei haya. Nisameheni. Watu wa stendi, njooni."

Hakuna aliyeinuka. Feni ilizunguka. Jasho lilimtiririka Osofo mpaka kwenye kola.

Twumasi akakohoa. "Haya, twendeni, mzee asije akaanguka," akasema, akatembea mpaka mbele na kuweka funguo za gari mezani, kando ya chaki. Atampoka akatoka nje, nikadhani ametukimbia tena. Kumbe alikwenda kuchukua karai lake la kubebea mizigo, ambalo mhudumu wa mlangoni alimwambia aliache uani. Mhudumu huyohuyo alimpokea, akalibeba kichwani mpaka mbele, shingo ikimyumba. Kanisa likacheka, nami nikalia kwa raha.

Tangu hapo tuna ibada ya alfajiri stendi, fupi, inayokwisha kabla gari la kwanza halijajaa. Wazee wameahidi itaendelea, nami nitawakumbusha bila kuchoka.

Osofo, asante. Ulikosea hadharani, ukatengeneza hadharani. Mungu akupe supu ya moto, magoti yasiyolia, na majirani wasiokuomba uhubiri kila msiba. Ukistaafu, njoo stendi ukae nasi. Safari hii kaa tu.