Nani Kavuta Kiti?

Ndani ya treni, mkagua tiketi aliinamia tiketi ya mama mmoja mwenye miwani, ambaye alikuwa kambana jirani yake wa kiti, mhariri wa filamu, kwa maswali.

"Sasa kwenye filamu nitajuaje kama ni ndoto?"

"Zamani tulikutangazia, mama. Picha inayeyuka, ukungu unatanda, muziki unalegea. Siku hizi tunaficha pa kuingilia. Unagundua mtu anaposhtuka kitandani."

"Na maruweruwe?"

"Hapo mtu yuko macho. Watazame wenzake: yeye anamwona mgeni, wao wanaona hewa. Na huyo mgeni hasogezi hata kikombe. Akikisogeza kikabaki kimesogea, basi yupo kweli."

Mkagua tiketi akasahau kutoboa tiketi.

Mama akashusha sauti. "Juzi asubuhi nilimwona marehemu mume wangu jikoni. Kavuta kiti, kaketi. Binti yetu akapita, asimwone."

"Pole, mama. Hayo ni maruweruwe."

"Hata mimi nilisema hivyo. Ila binti aligeuka akauliza, 'Nani kavuta kiti cha baba?'"

Treni ikasimama. Mkagua tiketi, ambaye huwaharakisha abiria wote, akampisha mama mlangoni, kisha akangoja kidogo, ampishe na wa nyuma yake, ingawa hakuonekana mtu.