Bibi Salha Mukamal na Vikombe Vitatu vya Uri

Tunayemsindikiza leo, Bibi Salha Mukamal, alizaliwa Baghdad tarehe 2 Februari 1938, mtoto wa mwisho wa mfua fedha Heskel na mkewe Gurjia. Kuzaliwa wa mwisho kulimpa kazi mapema. Kila usiku wa Pasaka ya Wayahudi, ukumbusho wa kutoka utumwani Misri, alifungiwa begani nusu ya mkate usiotiwa chachu ndani ya kitambaa cheupe, akatolewa nje ya mlango, akagonga. Wa ndani waliuliza, "Umetoka wapi?" Naye: "Misri." "Unakwenda wapi?" "Yerusalemu." "Njiani umebeba nini?" "Mkate usiotiwa chachu." Ndipo alipofunguliwa, akauliza yale maswali manne ya mdogo wa nyumba. Alikuwa akisema hakuna kitu kitamu kama kugonga mlango huku ukijua utafunguliwa.

Alisoma shule ya wasichana ya jamii yake hapo Baghdad mpaka mwaka 1951, familia ilipopanda ndege kuja Israeli na sanduku moja kila mtu. Pasaka iliyofuata walikuwa kambini, hemani, na hema halina mlango. Baba yake alining'iniza sinia penye uwazi wa turubai, akamwambia, "Gonga hapa, mwanangu. Misri ni Misri tu." Alilipiga lile sinia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna moto. Masomo hakuyaendeleza. Aliingia kiwanda cha ushonaji, baadaye akawa mpishi wa shule ya chekechea hapa Ramat Gan kwa miaka ishirini na sita. Wako watu wazima mjini humu wanaomkimbilia sokoni na kumwita "Mama Wali."

Tarehe 14 Agosti 1962 aliolewa na fundi makochi Ezra Mukamal, mtu mwadilifu na mkali. Mungu aliwajalia Daliya, anayesoma wasifu huu, mwaka 1968, na Uri mwaka 1973. Nyumba yao ilikuwa na kelele na chakula kingi. Kabla ya Pasaka marehemu alichambua mchele mara tatu, punje kwa punje, isije ikaponyoka hata chembe ya ngano ikachacha. Asali ya tende aliipika mwenyewe na kuitia kokwa za jozi zilizopondwa, mpaka ifanane na ule udongo wa matofali ya utumwani. Ukidokoa kabla ya wakati alikupiga mwiko vidoleni.

Familia imekubaliana kutolificha lililotokea Pasaka ya mwaka 2008, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakulificha. Uri alikuwa amekataa kurithi karakana ya baba yake na alikuwa haendi tena sinagogi. Kikombe cha kwanza, kati ya vinne vya divai ambavyo kila mtu hunywa usiku huo, kilinyweka salama. Mikono ikanawishwa, kotimiri ikachovywa kwenye maji ya chumvi, ndiyo machozi ya utumwani, mkate wa katikati kati ya ile mitatu ukavunjwa, maswali yakaulizwa. Kisha Mzee Ezra akafika kwenye wale wana wanne ambao kitabu cha Pasaka kinawataja: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na asiyejua kuuliza. Alipomsoma mwovu, kwamba angalikuwa kule Misri asingalikombolewa, aliinua macho akamkazia Uri.

"Baba, unanisomea mimi?"

"Nasoma kilichoandikwa."

Uri aliinuka na kutoka kabla ya kikombe cha pili. Mzee alifariki mwaka 2011. Uri alikuja makaburini, akasimama mbali, wala nyumbani hakupanda. Salha aliumia, na aliyasema maumivu yake kwa yeyote aliyeuliza. Kila Pasaka aliweka kikombe cha mwanawe pale pale, kitupu, na ole wake aliyejaribu kukiondoa.

Mwaka 2015 figo zake zilidhoofika. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiwasimanga wauguzi kwa chai yao isiyo na rangi. Pasaka ya mwaka huu, jioni ya tarehe 10 Aprili, daktari alitaka alale hospitali. Akamjibu, "Mwanangu, kufa nitakufa tu, lakini si na supu yenu hii." Akarudishwa nyumbani na kuketishwa kwa mito, ameegemea kushoto kama inavyowapasa watu huru. Mbele yake sahani: mfupa uliochomwa, yai, majani machungu ya saladi, asali yake ya tende, kotimiri. Mkwewe Meir, mume wa Daliya, akaongoza. Mkate ulipovunjwa, Noa, binti wa mwisho wa Daliya, mwenye miaka saba, akafungiwa mzigo begani na kutolewa nje.

Ngazini alimkuta mwanamume ameketi gizani. Alikuwa amefika kabla jua halijatua, akaishiwa ujasiri kwenye ngazi ya mwisho.

"Wewe nani?"

"Mimi Uri. Mjomba wako."

"Yule wa kikombe?" Noa akavua mzigo. "Basi gonga wewe. Mimi huwa nasahau jibu la tatu."

Mlango ukagongwa. "Umetoka wapi?" familia ikauliza. Sauti nzito ikajibu, "Misri." Watu wakavunjika mbavu.

"Noa, besi hiyo umeikodi wapi?" akapiga kelele Meir. "Unakwenda wapi?"

"Yerusalemu."

"Na njiani umebeba nini?"

Ndipo Salha, ambaye peke yake hakuwa amecheka, akasema, "Fungueni. Huyo ni mwanangu, na chumvi ya machozi tunayo ya kutosha mezani."

Uri aliingia na mzigo begani, Noa nyuma yake. Akapiga magoti penye kiti cha mama yake. Meir akanyanyua chupa ampe kikombe cha kwanza, kwani ndio utaratibu.

"Rudisha chupa, Meir," marehemu akasema. "Cha kwanza alikinywa mwaka ule. Ana vitatu vyake hapa."

"Mama, sheria—"

"Sheria utaniambia nikishashiba."

Noa akauliza kwa kuimba: mbona usiku huu tunachovya mara mbili, mbona mkate usiotiwa chachu, mbona majani machungu, mbona tunaegemea? Swali la tatu lilimponyoka, mjomba akamnong'oneza. Walipofika kwa wale wana wanne, Meir akasita. Salha akakichukua kitabu, akawasoma wote, wa pili kwa sauti ile ile ya wa kwanza. Akakilaza mapajani.

"Mume wangu, Mungu amrehemu, alisoma vizuri lakini hakuhesabu. Wana ni wanne, na wote wamo mezani. Hakuna mahali kitabu kinamwambia hata mmoja atoke."

Mapigo kumi yakatajwa, divai ikimwagwa kidogo kwa kila pigo. Uri akanywa cha pili. Wakanawa, wakala mkate, wakachovya majani machungu kwenye asali ya tende, wakayala pamoja na mkate, kisha wali. Mwisho wa chakula ukagawiwa ule mkate wa begani. Baada ya shukrani, kikombe cha tatu, na baada ya zaburi, cha nne. Salha alihakikisha kila kimoja kimekauka.

Uri alimpeleka hospitali kila safari iliyobaki. Marehemu alifariki jana Jumapili, tarehe 4 Juni 2017, akiwa na wanawe wote wawili. Asubuhi hiyo alimuuliza Uri, "Mwakani nani atagonga?" Uri akasema, "Noa, Mama. Mimi nitakuwa ndani."

Ameacha watoto wawili, Daliya na Uri, mkwe Meir, ambaye bado anadai alikuwa na haki kuhusu kikombe cha kwanza, wajukuu watatu, na watoto wa chekechea wasio na idadi. Mama, umetoka mbali, na safari hii mwenye kugonga ni wewe. Ufunguliwe, uingie, upumzike.